Jenereta ya jengo la hospitali: tuihesabu kwa mota na kwa hatua

Haya ni maelezo yaliyotolewa Ruiri na mhandisi wa umeme mbele ya wanakamati wa vituo vya afya, wahudumu na mafundi. Yanachapishwa hapa kwa ombi la waliohudhuria.



Nimeombwa nieleze jinsi ya kuchagua ukubwa wa jenereta ya akiba kwa jengo la hospitali. Nitaanza na karatasi ambayo wengi wenu mmewahi kuletewa mezani. Ni orodha ya vifaa vya jengo. Kila kifaa kimeandikwa kW zake, zikajumlishwa, pakaongezwa kidogo kwa usalama, na mwisho wa karatasi pameandikwa "kVA 80". Karatasi hiyo haina uongo ndani yake. Shida ni kwamba inaeleza jengo ambalo tayari linafanya kazi, kila mota ikizunguka kwa utulivu. Haisemi lolote kuhusu dakika ya kwanza baada ya stima kupotea, na hapo ndipo jenereta hujulikana kama inatosha au haitoshi.

Mtakumbuka usiku wa tarehe 25 Agosti 2023, stima ilipopotea karibu nchi nzima na sehemu ya uwanja wa ndege wa Jomo Kenyatta ikabaki gizani kwa sababu jenereta haikuwaka. Lawama zilikuwa nyingi. Ile ilikuwa shida ya jenereta kukataa kuwaka, na dawa yake ni betri, mafuta na kuijaribu mara kwa mara. Leo nazungumzia shida nyingine ambayo haifiki kwenye magazeti: jenereta inawaka vizuri, inanguruma, halafu inaangushwa na mzigo wa jengo lake yenyewe.

Tuchukue jengo la mfano. Lina chumba cha upasuaji, wodi ya kujifungulia, chumba cha watoto wachanga na maabara. Nyuma yake kuna mtambo mdogo wa oksijeni na kisima cha kuchimbwa. Taa, soketi, friji za chanjo na damu, vipasha joto vya watoto na vifaa vya maabara kwa pamoja vinatumia kW 18. Mashine ya kutakasia vyombo vya upasuaji kwa mvuke ina hita za kW 9. Kompresa ya mtambo wa oksijeni ina mota ya kW 15, ambayo ikizunguka na kubeba mzigo inavuta takriban kW 17 na ampia 28. Pampu ya kisima ina mota ya kW 7.5, inayovuta kama kW 9.5 na ampia 17. Ukijumlisha unapata kW 53.5. Jenereta nyingi huandikwa kwa kipimo kwamba kila kVA 100 hutoa kW 80, kwa hiyo kW 53.5 zinahitaji kVA 67. Muuzaji atasema, "Chukua ya kVA 80, itakuachia nafasi." Kwa hesabu ile ya karatasi, hajakosea.

Sasa tazameni mota. Lori likikwama kwenye matope ya barabara zetu, huhitaji vijana kumi kulisukuma lianze kwenda, lakini likishaanza, wawili wanatosha kuliendesha mbele. Mota ya umeme iko hivyo. Ikiwashwa moja kwa moja, huvuta kwa sekunde chache mkondo ulio mara sita au saba ya ule wa kawaida. Kompresa yetu ya ampia 28, tukichukua mara sita na nusu, itavuta ampia 182. Kwa volti 415 za fezi tatu hiyo ni takriban kVA 131. Pampu ikivuta mara sita, ni ampia 102, yaani kVA 73. Kibao cha mota kina ampia za kawaida, na kwenye mota nyingi utapata pia uwiano wa kuwashia, mara nyingi chini ya alama ya Ia/In, kwenye kibao chenyewe au kwenye karatasi ya mtengenezaji. Hizo namba mbili ndizo ninazozitaka kabla ya kusikia kVA za jenereta.

Jenereta ina sehemu mbili, na kila moja ina udhaifu wake. Kuna injini ya dizeli, na kuna oltaneta, ile sehemu inayozalisha umeme wenyewe. Injini inalipa kW. Oltaneta inalipa kVA. Mota inapowashwa inadai kVA nyingi sana lakini kW chache kwa kulinganisha, na kwa hiyo anayeumia kwanza ni oltaneta: volti yake inashuka. Kwa makadirio ya mezani, kiasi cha kushuka hupatikana hivi:

```
d = X / (X + Sg/Sm)
```

Sg ni kVA za jenereta, Sm ni kVA za kuwashia mota, na X ni namba ya oltaneta inayoandikwa X'd kwenye karatasi ya mtengenezaji. Mimi nitatumia 0.17, ambayo si ngeni kwa oltaneta za ukubwa huu, lakini kwa ununuzi wa kweli tumieni ile ya mashine mnayouziwa.

Tuipime jenereta ya kVA 80. Tukiwasha kompresa peke yake moja kwa moja, volti inashuka kama asilimia 22. Taa zinafifia, friji zinalalamika, lakini huenda jengo likavumilia. Lakini jengo letu haliwashi kompresa peke yake. Stima ilipopotea, kompresa na pampu zote zilikuwa zimewashwa, na swichi zao zimebaki katika hali ya kuwaka zenyewe. Jenereta ikishika mzigo, zote mbili zinaanza katika sekunde ileile. Zinadai kVA 204 kwa pamoja. Ukiweka namba hiyo kwenye hesabu, volti inashuka asilimia 30, kutoka 415 hadi karibu 290.

Hapo ndipo kontakta zinapoingia. Kontakta ni ile swichi ya sumaku inayoshikilia mota kwenye umeme. Kanuni ya kimataifa ya IEC 60947-4-1 inataka kontakta iweze kuvutika volti ikiwa angalau asilimia 85 ya ile ya kawaida, na inairuhusu iachie popote kati ya asilimia 75 na 20. Sisi tumebaki na asilimia 70. Kontakta nyingine itashika, nyingine itaachia. Inayoachia inaondoa mzigo, volti inaruka juu, kontakta inavutika tena, mota inaanza tena, volti inaanguka tena. Mtu aliye karibu na kabati la umeme husikia mlio kama wa mahindi yanayotwangwa. Nimewahi kusimama nje ya jengo moja, ambalo sitalitaja, nikasikia mlio huo kwa karibu dakika nzima kabla ya swichi kuu kukata. Fundi wa pale alikuwa amebadilisha kontakta mara mbili akidhani ni mbovu. Kontakta hazikuwa na kosa lolote.

Wakati oltaneta inapambana na volti, injini nayo ina vita yake. Kila mzigo unaokuja ghafla huipunguzia mwendo, na mwendo ukipungua mizunguko ya umeme inashuka chini ya 50 kwa sekunde. Kifaa kinachoongeza dizeli ili mwendo urudi mafundi hukiita gavana, na naomba radhi, si yule wa kaunti. Gavana huyu hufanya kazi haraka, lakini injini yenye tabo inahitaji muda kidogo hewa iongezeke ndipo dizeli ile iungue. Ndiyo maana utaona moshi mweusi mzigo unapoingia. Mnajua boda boda iliyobeba magunia mawili ya viazi ikianza safari katikati ya mlima: haishindwi kwa sababu haina nguvu ya kupanda, inashindwa kwa sababu imedaiwa nguvu yote kwa mara moja. Watengenezaji hutoa karatasi inayoonyesha ni asilimia ngapi ya mzigo injini yao inaweza kubebeshwa kwa mkupuo wa kwanza. Kwa injini zenye tabo, msitarajie iwe asilimia mia moja.

Na huku kwetu kuna jambo lingine la injini. Ruiri iko zaidi ya mita 1,000 juu ya usawa wa bahari, na hewa ya juu ni nyepesi. Injini isiyo na tabo hupoteza takriban asilimia 1 ya nguvu kwa kila mita 100 za mwinuko juu ya pale ilipopimiwa. Injini yenye tabo huvumilia zaidi, lakini kila mtengenezaji ana mpaka wake. Tukichukua eneo la ujenzi lililo mita 1,400 na injini isiyo na tabo, tunapoteza asilimia 14. Jenereta ya kVA 80 inayotoa kW 64 kwenye kibao inabaki na kW 55. Jengo linataka 53.5. Ile nafasi aliyotuachia muuzaji imeyeyuka kabla hata mota moja haijawaka. Ya kVA 100 inabaki na kW 69, na hiyo ndiyo nitakayoifanyia kazi kuanzia sasa.

Mzee mmoja aliniuliza wakati wa chai, kabla hatujaketi hapa: "Kwa nini basi tusinunue kubwa kabisa tukamaliza maneno?" Ni swali la haki, na jibu lake linaweza kuhesabiwa. Mkitaka mota zote mbili ziwake pamoja moja kwa moja na volti isishuke zaidi ya asilimia 15, mnahitaji oltaneta ya karibu kVA 200. Inawezekana kuinunua. Lakini usiku, wakati upasuaji hakuna na tangi la maji limejaa, jengo linatumia labda kW 12. Injini ya kW 160 ikibeba kW 12 haipati joto la kutosha kuunguza dizeli yote. Mafuta yasiyoungua hujaa kwenye bomba la moshi na kwenye pete za pistoni. Mtaona uowevu mweusi ukichuruzika kwenye viungo vya bomba la moshi, injini itakula oili, na baada ya muda itapoteza nguvu ile ile mliyoilipia. Mafundi wa injini hawapendi ikae chini ya asilimia 30 ya mzigo kwa saa nyingi. Nikiri kwamba hata ile ya kVA 100 itakuwa chini ya asilimia 30 usiku kama huo. Lakini ugonjwa wake utakuwa mwepesi zaidi, na unatibika: mashine ya kutakasia vyombo ikipangiwa zamu yake usiku wakati jenereta inawaka, injini inapata mzigo wa kupashia joto.

Kwa hiyo badala ya kununua oltaneta kubwa ya kumeza kila kitu kwa mkupuo mmoja, tunapunguza ukali wa kuwasha na tunapanga zamu. Nitaeleza yote mawili kwa jengo letu.

Kuhusu ukali wa kuwasha, kompresa inafaa kuwashwa kwa njia ya sta-delta. Mota huanza ikiwa imeungwa kwa namna moja, ikishika mwendo inabadilishwa kwenda nyingine, na mkondo wa kuanzia unashuka hadi theluthi moja. Zile kVA 131 zinakuwa 44. Kwa jenereta ya kVA 100, volti inashuka asilimia 7 tu. Lakini nguvu ya kuzungusha nayo inashuka hadi theluthi moja, na hapa pana mtego. Kompresa iliyozimika ghafla bado ina hewa yenye shinikizo ndani. Ikilazimishwa kuanza ikiwa na shinikizo hilo kwa theluthi ya nguvu, haifiki mwendo wake. Muda ukiisha, kifaa kinaibadilisha kwenda delta ikiwa bado inaburuta, na inavuta karibu mkondo ule ule mkubwa tuliokuwa tunaukimbia. Dalili yake ni rahisi: taa hazififii mota inapoanza, zinafifia sekunde kadhaa baadaye, kontakta inapobadilika kwa kishindo. Ukiona hivyo usimwite muuza jenereta. Angalia valvu ya kuachia hewa kwenye kompresa, na muda uliowekwa kabla ya kuianzisha tena.

Pampu ya kisima sitaiweka kwenye sta-delta. Mota iliyo ndani ya kisima ni nyembamba, nyepesi, na imezungukwa na maji. Katika ule muda mfupi wa kubadilisha kutoka sta kwenda delta inapungua mwendo haraka sana, na faida yote inapotea. Vilevile beringi zake za chini hutegemea mwendo kupata utando wa maji wa kuzibeba, kwa hiyo haipendi kuanza polepole kwa muda mrefu. Kuna vifaa vya elektroniki vya kuiwasha kwa ulaini, na vikiwekwa muda usiozidi sekunde 3 vinafaa. Lakini kwa mota ya kW 7.5 kwenye jenereta ya kVA 100 hata kuiwasha moja kwa moja kunashusha volti asilimia 11 tu. Mimi ningeiacha hivyo, mradi iwashwe peke yake.

Sasa zamu zenyewe. Kanuni ya IEC 60364-7-710, inayohusu umeme katika sehemu za matibabu, inataka taa za upasuaji zirudi ndani ya nusu sekunde, na huduma nyingine za kuokoa maisha ndani ya sekunde 15. Hakuna dizeli inayowaka ndani ya nusu sekunde, kwa hiyo taa ya upasuaji na vifaa vya kufuatilia mgonjwa lazima viwe na betri zake. Jenereta haibadilishi hilo, hata iwe kubwa namna gani.

Hatua ya kwanza, katika kama sekunde ya 10, ni zile kW 18 za taa, soketi, friji na vipasha joto vya watoto. Hiyo ni takriban robo ya kW 69 ambazo injini yetu inazo, na inaibeba bila taabu.

Hatua ya pili ni kompresa, lakini si mara moja. Tunaisubirisha dakika nzima ili hewa ya ndani iachiwe. Mama mmoja muuguzi aliponisikia nikisema hivyo kwingineko alishtuka: oksijeni isubiri? Mtambo una tangi lake la akiba, na kando yake lazima pawe na mitungi iliyojaa. Mgonjwa anavuta kutoka kwenye akiba hiyo, hasubiri mota. Kituo ambacho dakika moja ya kompresa kusimama inamfikia mgonjwa kina shida ya mitungi.

Hatua ya tatu, katika dakika ya pili, ni pampu. Na hatua ya nne, katika dakika ya tatu, ni mashine ya kutakasia vyombo.

Hapa fundi kijana anaweza kuuliza kwa nini hita za kW 9, ambazo hazina mkondo wowote wa ajabu wa kuwashia, ziwe za mwisho. Tuangalie kW. Pampu inapoanza, katika zile kVA 73 kuna kama kW 29 halisi ambazo injini lazima izilipe kwa muda mfupi. Ikiwa tayari inabeba 18 za taa na 17 za kompresa, jumla inafika 64, na injini ina 69. Inapita. Sasa weka hita kabla ya pampu: 18, 17 na 9 ni 44, ukiongeza 29 unapata 73. Injini imezidiwa, na mizunguko inaporomoka wakati ule ule volti inapanda na kushuka. Vifaa ni vilevile, jenereta ni ileile, ila zamu imebadilishwa. Kanuni ninayoifuata ni kwamba mota huingia wakati jenereta bado ina nafasi, na mizigo ya kimya kama hita hujaza nafasi iliyobaki mwishoni. Kwa upande wa utakasaji, mzunguko uliokatizwa na stima lazima urudiwe tangu mwanzo kwa vyovyote vile, kwa hiyo dakika tatu hazimpotezei mtu kitu.

Zamu hizi hazihitaji kompyuta. Zinahitaji taima moja kwenye kabati la kila mzigo, ambayo huanza kuhesabu umeme unaporudi. Gharama yake ni ndogo mno ukiilinganisha na tofauti ya bei kati ya jenereta ya kVA 100 na ya kVA 200. Jambo moja tu la kuangalia: taima za mota ziwe ndani ya saketi ya kuwasha, na mtu asiweze kuziruka kwa kugeuza swichi ya mkono. Mlinzi wa usiku anayetaka maji haraka amewahi kuharibu mipango mingi mizuri.

Nije kwenye kile mnachoandika mnapotangaza zabuni, kwa sababu hapo ndipo kamati ina nguvu. Mkiandika "jenereta ya kVA 100" mtaletewa chochote chenye namba hiyo. Kibao cha jenereta kwa kawaida kina namba mbili. Iliyo kubwa inaandikwa ESP, ni ya dharura, na kwa kanuni ya ISO 8528-1 imekusudiwa saa zisizozidi 200 kwa mwaka, kwa wastani wa asilimia 70 ya mzigo. Saa 200 kwa mwaka hazifiki saa 4 kwa wiki. Iliyo ndogo inaandikwa PRP, na ndiyo ya kufanya kazi saa nyingi kwa mzigo unaobadilika. Mahali ambapo stima hupotea kama huku kwetu, namba yetu ya 100 iwe ya PRP. Mkisahau kusema, mtauziwa ile kubwa.

Andikeni pia mwinuko wa eneo kwa mita, na mtake muuzaji athibitishe kwa maandishi kW zitakazobaki kwenye mwinuko huo. Ambatisheni orodha ya mota, kila moja na ampia zake, uwiano wa kuwashia na njia ya kuiwasha. Ambatisheni zile hatua nne. Halafu semeni kiasi cha kushuka mnachokubali. ISO 8528-5 ina madaraja, na daraja la G3 linaruhusu volti ishuke asilimia 15 na mizunguko asilimia 7 mzigo unapoingia ghafla. Asilimia 7 ya 50 ni kushuka hadi 46.5. Kwa hospitali, hiyo ni shabaha ya haki. Muuzaji anayejua kazi yake atarudisha hesabu ya kila hatua. Anayerudisha picha ya mashine na bei peke yake, muulizeni tena.

Mashine ikishafungwa, msiipokee kwa kuiwasha bila mzigo na kusikiliza mlio. Washeni jengo zima, kompresa ikisukuma, pampu ikipandisha maji, mashine ya mvuke ikipasha, kwa siku ambayo hakuna mgonjwa mezani, kisha fundi akate swichi kuu ya stima. Mita ya kawaida haitaona volti ya chini kabisa, kwa sababu kushuka kwenyewe huchukua chini ya sekunde. Tumieni mita yenye kitufe cha MIN/MAX inayoshika vilele vya haraka, au kirekodi cha umeme, na muandike volti ya chini kabisa na mizunguko ya chini kabisa kwa kila hatua kati ya zile nne. Ikiwa hatua ya pili imeshusha volti asilimia 18 badala ya 7, mnajua tayari kompresa imeanza moja kwa moja na mtu hakuunga sta-delta vizuri. Jaribu lirudiwe baada ya dakika chache, kwa sababu mara ya pili kompresa huanza ikiwa na shinikizo ambalo mara ya kwanza huenda haikuwa nalo.

Halafu rudisheni stima na muangalie upande wa pili. Wengi husahau kwamba mzigo ukirudi kwenye stima mota nazo zinazimwa na kuwashwa tena, kwa hiyo taima zifanye kazi na huko pia. Chenjova isirudishe mzigo mara tu stima inapoonekana. Isubiri dakika kadhaa ithibitishe kwamba imetulia, kwa sababu huku mara nyingi hurudi, hupotea na kurudi tena. Jenereta nayo iachwe izunguke bila mzigo kama dakika 5 ili tabo ipoe kabla ya kuzima.

Karatasi yenye namba za jaribio hilo ibandikwe ndani ya mlango wa kabati la jenereta. Kila mnapoongeza kifaa chenye mota kwenye jengo, iwe friji kubwa ya chumba cha maiti au pampu ya pili, fundi aifungue kabla ya kuunga waya, aangalie ni hatua gani yenye nafasi, na aandike jina la kifaa kipya hapo chini kwa kalamu.